Mkono wa Galin kwenye Bega la Marehemu

Nedka Mincheva alifungua studio yake ya picha mjini Lom tarehe 11 Aprili 1994, siku ya Jumatatu. Kibali chenye tarehe hiyo bado kimetundikwa juu ya mlango, ndani ya fremu, na kioo chake husafishwa mara nyingi kuliko vioo vya dirisha. Siku zile watu walipanga foleni hadi nje: picha za pasipoti, picha za harusi, watoto wa darasa la kwanza wakiwa wameshika maua. Leo kila mtu ana kamera mfukoni na harusi hupigwa picha na vijana wanaotoka mji wa jirani wa Montana na magari yao. Waliobaki kwa Nedka ni marehemu.

Hilo halimfanyi kuwa mtu wa huzuni. Katika mji ambao matangazo ya vifo hubandikwa kwenye malango, kwenye nguzo za umeme na kwenye kituo cha basi, na kubandikwa upya kwa arobaini, kwa nusu mwaka, kwa mwaka na kila mwaka baada ya hapo, lazima awepo mtu wa kuwatengeneza wafu sura. Nedka huwafunga vifungo vya shati, huwaondolea kivuli cha kofia, huwatoa kwenye meza za karamu na kuwasimamisha mbele ya ukuta mtupu. Kamen, mchomaji wa vigae vya makaburini aliyeko mji wa Vidin, humwita Mama wa Marehemu. Nedka humjibu kwamba yeye basi ni mpishi wao, maana kazi ya Kamen ni kuichapa sura kwenye kigae cha kaure na kuitia tanurini mpaka rangi ziyeyuke na kushikana na kigae. Kilichotoka tanurini hakifutiki. Mvua haikifuti, jua halikifuti, na makosa pia hayafutiki.

Kusafisha picha alijifunza kabla ya kompyuta. Akiwa msichana kwenye studio ya ushirika, alikalishwa mbele ya kioo chenye taa chini yake, akapewa wembe mdogo na penseli ngumu, akafundishwa kukwangua filamu mpaka chunusi ya mwalimu mkuu ipotee bila pua yake kupotea. Mabega yake yaliinamia kazi hiyo na hayakuinuka tena. Ni mtu mwenye wasiwasi wa kuzaliwa nao. Hufunga mlango wa studio, hupiga hatua kadhaa, kisha hurudi kuutikisa. Bintiye, aliyeolewa ng'ambo, Valladolid, humwambia kwenye simu kwamba angeishi zaidi kama angejali kidogo. Nedka husema anajali kiasi kinachotosha.

Kompyuta yake ni sanduku la kijivu alilonunua likiwa limeshatumika katika ofisi ya shule. Lina kumbukumbu ya gigabaiti moja na mfumo wa uendeshaji uliokwisha achwa na waliouunda, ndiyo maana hakuliunganisha na intaneti. Humo ana GIMP, programu ya picha isiyouzwa, ambayo humchukua muda wa kutosha kuchemsha kahawa mpaka ifunguke, na ndani ya GIMP ana nyongeza iitwayo Resynthesizer. Kamen ndiye aliyemletea vyote viwili kwenye diski ndogo ya mfukoni. Bintiye amejitolea mara nyingi kumnunulia mashine mpya. Nedka hukataa kwa maelezo ambayo hayabadiliki: hii anaijua inapougua.

Jumatano moja ya Januari, asubuhi, Gergina Lilova aliingia studioni bila kukung'uta theluji viatuni. Gergina alikuwa jirani wa mtaa wa pili, mkubwa kwa Nedka kwa miaka michache, na mumewe Tseko alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Jumamosi ilikuwa arobaini yake. Jiwe lilikwisha simamishwa, na katikati ya jiwe kulikuwa na tundu la umbo la yai likisubiri kigae.

Kwa matangazo ya mazishi walitumia picha ya kitambulisho. Gergina hakutaka kuiona tena. Alisema yule hakuwa mume wake, alikuwa mfungwa anayefanana naye, na hata masharubu hakuwa nayo. Tseko alikimbia kamera maisha yake yote kama mwingine anavyomkimbia daktari wa meno, na picha nzuri ilikuwa moja tu. Aliitoa kwenye mkoba, ikiwa imefungwa ndani ya leso: Tseko uani kwake, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, amevaa koti lake la sufu lenye mistari iliyofumwa kama mifupa ya samaki, anacheka. Pembeni yake alikuwa Galin, mwana wao wa pekee, siku alipopata leseni ya malori makubwa. Galin alikuwa amempitishia baba yake mkono mgongoni, na kiganja kikatokea upande wa pili, vidole vinne vimelala juu ya bega la koti na ncha ya kidole gumba ikigusa ukosi.

Galin mwenyewe angekatwa kwa urahisi, kwani alibaki nje ya umbo la yai. Kiganja hakikukatika. Kilikuwa juu ya marehemu.

Gergina hakuhitaji kueleza, lakini alieleza. Mkono wa mtu aliye hai haulali juu ya jiwe la kaburi. Shangazi yake aliwekwa kaburini na picha yenye mkono wa dada yake, na kabla ya mwaka kwisha dada mtu akafuata. Nedka alizisikia hadithi kama hizo tangu siku za wembe na penseli. Ukimuuliza kama anaamini, atasema hapana. Ukimuuliza kama amewahi kuacha mkono wa mtu hai kwenye kigae, jibu ni lile lile.

"Galin yuko wapi sasa?" aliuliza.

"Barabarani. Anarudi kutoka Ujerumani. Anasema atafika Ijumaa." Gergina aliweka simu yake mezani, uso juu. "Jana jioni aliniambia theluji inaanguka milimani. Tangu hapo hapokei."

Kutwa nzima simu ile haikuwa mbali na mkono wake.

Muda ulikuwa hivi. Kamen alikuwa akipakia tanuri kesho yake asubuhi, na tanuri lililofuata lingekuwa baada ya arobaini. Ili awahi, diski yenye picha ilipaswa kumfikia jioni ile. Katika sehemu zile kitu cha haraka hupewa dereva wa basi, naye humkabidhi anayekingoja kituoni. Basi la Vidin lilikuwa likiondoka saa kumi. Nedka alimwambia Gergina aende nyumbani akapumzike, angempigia. Gergina akavuta kiti.

Kosa la kwanza lilitokana na macho ya mtu mwingine begani. Kwa kawaida Nedka huskani kile anachohitaji tu: kipande cha picha, kwa ukubwa unaokitosha kigae, si zaidi. Siku ile, Gergina akisisitiza kila uzi wa koti uonekane, aliiskani picha nzima kwa kiwango cha juu kabisa cha skana yake. Faili lililofunguka lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko kilichohitajika. Akanakili tabaka, kama inavyotakiwa, ili chini ibaki picha isiyoguswa. Akachukua kamba ya kuteua, yaani mstari unaochorwa kwa kipanya, akauzungushia mkono mzima, akachagua amri ya kuponya sehemu iliyoteuliwa.

Amri ile ndiyo kazi ya Resynthesizer. Haijui mkono ni nini. Inachukua utepe wa picha unaolizunguka eneo lililoteuliwa, inaokota humo vijipande vidogo sana, na kuvipanga ndani ya eneo hilo mpaka kila nukta ipatane na jirani zake. Ikizungukwa na nyasi, itaotesha nyasi. Ikizungukwa na koti, itafuma koti. Kwenye kompyuta yenye nguvu ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kwenye sanduku la kijivu, kwa picha ndogo, ni kazi ya kuvuta subira. Kwa picha ile, mstari wa maendeleo ulisogea kidogo, ukasimama, na diski ya ndani ikaanza kukwaruza bila kupumzika. Kumbukumbu ilikuwa imejaa, na mashine ilikuwa ikihamisha kila kitu kwenda diskini na kukirudisha.

Gergina aliuliza mlio ule ni wa nini. Nedka akasema inafikiri. Gergina akasema Tseko pia alikuwa akikoroma hivyo wiki ya mwisho.

Kishale cha kipanya kilipoacha kusogea, Nedka alingoja. Aliosha vikombe viwili, akavifuta, akarudi. Kishale kilikuwa pale pale. Zaidi ya skani yenyewe alikuwa hajahifadhi chochote, yeye ambaye humaliza kila hatua kwa kuhifadhi kama wengine wanavyofanya ishara ya msalaba, kwa sababu Gergina alikuwa akizungumza na yeye alikuwa akijibu. Akabonyeza kitufe cha kuzima na kukishikilia. Skrini ikawa nyeusi, na ndani ya weusi wanawake wawili wakajiona wamekaa.

Kwa muda mashine haikuwaka. Nedka aliinama chini ya meza, akachomoa waya, akasubiri, akauchomeka tena. Wakati akiwa chini pale, Gergina alimpigia mwanawe. Sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ilijibu kwa Kijerumani na kukata.

"Nedka, mdogo wangu," alisema Gergina. "Haitaki."

"Mashine haina kutaka, dada. Nimeilisha kupita tumbo lake."

Ilipowaka, alianza upya kwa namna yake mwenyewe. Aliskani kichwa na mabega tu, kwa kiwango cha katikati, akakata pembe zisizo na kazi. Galin, isipokuwa kiganja na ukanda wa mkono wa shati lake uliochungulia juu ya bega karibu na shingo, akabaki nje. Alifunga kila programu nyingine. Aliingia kwenye mipangilio akapunguza idadi ya hatua ambazo GIMP huzikumbuka ili kuzirudisha, maana kila hatua inayokumbukwa hula kumbukumbu. Kisha akahifadhi, akamwonyesha Gergina kwamba amehifadhi, ingawa Gergina hakujua ameonyeshwa nini.

Saa saba ilipita. Nje, trekta la manispaa lilisukuma theluji upande mmoja wa barabara na kuziba mlango wa duka la mikate.

Akateua tena. Safari hii aliufuata mkono kwa uangalifu kama mtu anayekata karatasi ya muundo wa nguo: kucha, kifundo, pengo kati ya vidole. Lilikuwa kosa la pili, na lilikuwa kosa la mtu hodari. Wembe wa ujana wake ulimfundisha kwamba kadiri unavyokaribia ukingo, ndivyo kazi inavyokuwa safi. Kwa amri hii ni kinyume. Nje ya mstari wake mwembamba kulibaki wekundu wa ngozi kwenye kingo za vidole, kivuli cha kiganja kwenye sufu, na kiduara cha ncha ya kidole gumba kwenye ukosi. Vyote vilikuwa ndani ya utepe ambamo nyongeza huokota vijipande vyake.

Mstari wa maendeleo ulitembea vizuri mpaka mwisho. Picha ikajichora upya. Mkono ulikuwa umeondoka, na mahali pake palikuwa na koti, mistari ya mifupa ya samaki ikishuka kama kawaida. Lakini chini kidogo, juu ya kifua cha Tseko, mahali ambapo mkono haukuwahi kuwapo karibu, kulikuwa na ncha ya kidole yenye ukucha.

Gergina aliiona kabla ya Nedka.

Hakupiga kelele. Alisimama, akachukua koti lake, akalishikilia bila kulivaa. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayesoma kilichoandikwa: "Amemshika kifuani. Anamvuta."

Nedka alisema mambo mengi kwa pamoja. Alisema ni yeye aliyeteua vibaya. Alisema aliacha kidole gumba nje ya kamba, na mashine ikakiokota kama inavyookota uzi, ikakipanda mahali ilipoona panafaa. Alikuza picha mpaka kila nukta ikawa mraba, akamwonyesha: ukosini kiko hiki, kifuani kiko kile kile, pacha wake, hata mwanga wa ukucha uko upande ule ule. Akarudisha hatua nyuma na mkono mzima ukatokea begani. Hilo lilikuwa jambo baya zaidi la kumwonyesha. Gergina alikaa chini kwa nguvu.

"Unaondoa, unarudi," alisema. "Na yeye hapokei simu."

"Nimerudisha mimi. Tazama kidole changu. Nimebonyeza hapa."

"Umebonyeza wewe, sawa. Na kilichotokea kifuani, ulikibonyeza wewe?"

Nedka aliachia kipanya. Alijua hofu ile si ya picha. Alijua pia kwamba kama kigae kingeenda tanurini na alama yoyote ya ngozi juu ya koti, hata kama nukta mbili tatu ambazo hakuna mpita njia angezitambua, Gergina angezitambua, na angekwenda kaburini kila Jumamosi ya kumbukumbu ya wafu kuzitazama na kuhesabu barabara za mwanawe. Na kigae hakifutiki.

Alimpigia Kamen. Kamen, akiwa na kitu mdomoni, aliuliza kwa nini wasiweke ile ya kitambulisho na kumchorea masharubu. Nedka alimwambia atafune kwanza. Akauliza kama tanuri linaweza kusubiri mpaka mchana. Kamen akasema linaweza kusubiri kama marehemu wengine watakubali, nao ni wengi na hawajibu. Kisha akaacha utani na kumkumbusha jambo ambalo Nedka alilijua lakini hofu ilikuwa imelisukuma pembeni: usiipe nyongeza shimo moja kubwa, ipe mashimo madogo, na isione usichotaka iokote.

Saa nane na nusu Nedka alianza mara ya tatu.

Kwanza alishughulikia ukanda wa mkono wa shati uliokuwa mbele ya ukuta. Aliuteua kwa ulegevu, kivuli na yote, akiacha mstari wa bega lenyewe nje ya kamba, na akaiambia nyongeza iokote kutoka pembeni tu, kulia na kushoto, si juu wala chini, ili isichukue koti na kulipandisha ukutani. Pembeni kulikuwa na chokaa, isipokuwa upande mmoja, ambako kulikuwa na shingo ya Tseko. Hapo alifanya ujanja wake. Kwenye tabaka la juu, ambalo ni nakala tu, alichukua kiraka cha ukuta mtupu akaifunika nacho shingo, sikio na shavu.

Gergina alivuta pumzi alipoona uso wa mumewe ukifunikwa chokaa.

"Yuko chini," Nedka alisema. "Hajaguswa. Namfunika ili mashine isiokote kwake."

Amri ikapita. Ukanda wa shati ukawa ukuta. Akahifadhi.

Kisha bega. Aliteua vidole vinne pamoja na kivuli chao, akapanua uteuzi kwa nukta kadhaa kila upande mpaka hakuna wekundu uliobaki nje. Kidole gumba alikizungushia kamba yake peke yake na kukijumlisha kwenye uteuzi, ili kisiwe nje kikisubiri kuokotwa. Akapunguza upana wa utepe ili usifike usoni, na akachagua juu na chini, kwa kuwa mistari ya koti ilishuka hivyo; juu, mahali ambapo utepe ungefikia ukuta, alikwisha weka kiraka cha sufu kutoka kwenye mkono wa koti. Alizikagua hatua zote mara mbili kama anavyoutikisa mlango wa studio. Akabonyeza.

Mstari ulikwenda, ukasita. Diski ilikwaruza kidogo. Gergina alikuwa amefumba macho na midomo yake ilikuwa ikitembea.

Ilipokwisha, Nedka alivuta kiti karibu. Alikuza picha, akapita juu ya bega mraba kwa mraba, akapita ukosi, akashuka kifuani mpaka mfukoni. Sehemu moja mistari ilikuwa imevunjika, samaki wawili wakigongana vichwa. Aliteua pale tu, akaponya pale tu. Kisha kwenye tabaka la juu akafuta viraka vyote vya chokaa na vya sufu, na kutoka tabaka la chini ukatokea uso wa Tseko kama ulivyokuwa, masharubu na kicheko na yote, na mstari wa bega lake dhidi ya ukuta.

"Tazama sasa, dada. Tafuta. Ukiona chochote, niambie."

Gergina aliweka miwani. Alitafuta kwa muda mrefu, pua karibu na kioo, na Nedka aliitazama saa ya ukutani bila kugeuza kichwa. Hatimaye Gergina alinyoosha kidole.

Haikuwa ngozi. Gergina alikuwa akionyesha bega lenyewe. Tseko alikuwa ameegemea upande mmoja, kama mtu aliyevutwa na mwanawe kwa nguvu ya mapenzi, na mwana sasa hakuwapo. Bega moja lilikuwa juu na moja chini, na kichwa kimeinama kuelekea mahali pasipo na mtu.

Nedka alisema hilo nyongeza haiwezi. Anaweza kuizungusha picha kidogo, mabega yakae sawa, lakini ukuta utaonekana unaanguka. Aliuliza kama azungushe.

Gergina alivua miwani na kuifuta kwa ile leso iliyokuwa imefunga picha.

"Acha," alisema. "Siku zote aliegemea huko."

Nedka aliunganisha matabaka, akahamisha picha kwenye diski ndogo, akaichomoa, akaichomeka tena kuhakikisha imo, akaifungua, akaitazama, akaichomoa. Aliifunga ndani ya karatasi na kuandika juu yake jina la Kamen. Ilikuwa imebaki robo saa. Kituo cha basi si mbali, lakini njia ilikuwa theluji tupu, na alikimbia mwendo ambao daktari wake amemkataza. Dereva alikuwa amekwisha washa injini. Alipokea kifurushi kupitia dirisha dogo, akauliza ni nani leo. Nedka akasema Tseko wa mtaa wa bandarini. Dereva akasema alimjua, akakiweka kifurushi mbele, karibu na usukani.

Alipokuwa akirudi alimwona Gergina amesimama nje ya studio, mlango wazi nyuma yake, simu sikioni. Hakuwa amevaa koti. Nedka alipunguza mwendo, kwani uso wa mbali katika mwanga ule haukueleza chochote.

Galin alikuwa hai. Barabara ya milimani ilikuwa imefungwa tangu usiku na malori yalipangwa kwenye maegesho. Simu yake ilizimika, na alipata pa kuichaji baada tu ya njia kufunguliwa. Alizungumza kwa sauti kubwa kama wanavyozungumza watu wa malori, na Nedka aliyasikia maneno yake akiwa hatua kadhaa kutoka pale. Mama yake alikuwa amekwisha mweleza kila kitu, na alikuwa akilia na kumgombeza kwa pamoja.

"Kwa hiyo nimekwama kwenye theluji, nimelala njaa," Galin alisema, "na ninyi huko mmenikata mkono."

"Tumekukata, ndiyo."

"Ile picha ndiyo pekee niliyomshika mzee. Shangazi Nedka yupo? Mwambie aurudishe."

Gergina alimtazama Nedka. Nedka alitikisa kichwa na kuonyesha upande wa kituo: basi lilikuwa likipita mwisho wa mtaa, taa zake zimewashwa.

"Mkono wako uko kwenye usukani," Gergina alimwambia mwanawe. "Uache huko huko. Yote miwili."

Galin akasema sawa, mama. Akauliza kama kwenye arobaini kutakuwa na maharage au nyama. Gergina akasema ni maharage, padri atakuwapo na hataki nyama kwenye arobaini. Akamwambia aende polepole, akamwambia tena, akamwambia mara nyingine hata baada ya simu kukatika.

Nedka alimwingiza ndani, akamvika koti, akawasha birika. Kompyuta ilikuwa bado inawaka, picha ya asili ikiwa wazi kwenye skrini, na Gergina aliomba aizime. Nedka aliizima. Hakumwambia kwamba skani ya kwanza, ya picha nzima, ilibaki ndani, kwenye folda yenye jina la ukoo wao, Lilovi, na kwamba alikusudia kumchapia Galin nakala ya karatasi, ya kuweka kwenye kabati nyumbani kwake, ambako picha ya baba na mwana ni picha tu. Alikuwa hajaamua kama atamwomba Gergina ruhusa au atampa Galin kimyakimya. Jambo hilo lilimsumbua jioni nzima.

Kamen alipiga simu baadaye kidogo kusema diski imefika na ameifungua. Alisema picha ni safi. Nedka alimwomba aitazame tena kifuani, chini ya ukosi. Kamen alitazama tena, akasema hakuna kitu, ni koti. Alimwomba mara ya tatu, na Kamen akamwuliza anatafuta nini hasa, naye akamtakia usiku mwema.

Kigae kitatoka tanurini kesho jioni na kurudi Lom kwa basi la asubuhi ya Ijumaa. Nedka atakipokea kituoni mwenyewe, atakichunguza kwa kioo cha kukuzia, na Jumamosi kabla ya ibada atakigandisha kwenye tundu la jiwe. Galin anatarajiwa Ijumaa usiku.